"Kwa nini" tano, mfupa wa samaki au kulinganisha miamala: njia ipi ikufikishe kwenye kiini cha hoja ya ukaguzi?

Mkaguzi wa ndani akishamaliza kupima sampuli yake, sehemu kubwa ya hoja huandikika bila shida. Anajua utaratibu ulitaka nini, amekuta nini na hasara yake ni ipi. Kinachobaki ni sababu, na hapo ndipo kalamu husita. Mara nyingi kinachoandikwa ni hiki: "Watumishi hawakuzingatia utaratibu." Sentensi hiyo haina sababu ndani yake. Ni hali ileile iliyokutwa, imevalishwa nguo nyingine, na pendekezo lake unalijua kabla hujafunua ukurasa: "Watumishi wakumbushwe kuzingatia utaratibu." Menejimenti inakubali siku hiyohiyo, waraka unasambazwa, na mwaka unaofuata hoja inarudi.

Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vilivyoanza kutumika tarehe 9 Januari 2025 vinamtaka mkaguzi, katika kiwango cha 14.3, ashirikiane na menejimenti kubaini chanzo cha tatizo pale inapowezekana. Namna ya kukitafuta ni juu yake. Hapa nazilinganisha njia tatu: kuuliza "kwa nini" mara tano, kuchora mfupa wa samaki, na kulinganisha miamala iliyokosewa na ile iliyokwenda sawa. Nimeziweka zote juu ya hoja moja ili tofauti zake zionekane.

Vigezo vya kulinganisha

Natumia vigezo vinne. Cha kwanza ni gharama: njia inakula siku ngapi, na inahitaji watu gani mezani. Cha pili ni ushahidi: jibu linalopatikana linasimama juu ya nyaraka au juu ya maneno ya mtu? Cha tatu ni kina: je, njia inavuka "fulani hakufanya" na kufika kwenye mchakato au mazoea yaliyomfanya asifanye? Cha nne ni mahali inapoharibikia, maana kila moja ina namna yake ya kumdanganya mkaguzi huku karatasi zake za kazi zikionekana nadhifu.

Nimeacha kigezo cha urahisi wa kujifunza. Zote tatu unaweza kuzielewa kwa asubuhi moja. Kuzitumia mbele ya mkuu wa idara aliyekasirika ni jambo jingine.

Hoja yenyewe

Tuchukue kiwanda chenye idara kadhaa. Mkaguzi amechukua sampuli ya malipo 60 ya mwaka mzima. Utaratibu unasema oda ya ununuzi iidhinishwe kwanza, ndipo msambazaji alete mzigo na ankara. Katika malipo 14 kati ya hayo 60, tarehe ya oda inakuja baada ya tarehe ya ankara. Maana yake mzigo uliagizwa kwa mdomo, ukaja, ukatumika, na oda ikaandikwa baadaye ili malipo yapite. Mwaka uliotangulia hoja hii ilikuwepo, na watumishi walikumbushwa.

Kuuliza "kwa nini" mara tano

Njia hii ilitoka kwenye viwanda vya Toyota, na aliyeitangaza zaidi ni Taiichi Ohno. Unachukua hali uliyoikuta, unauliza kwa nini imetokea, kisha jibu lenyewe unaliuliza tena kwa nini. Tano si hesabu takatifu. Unaweza kufika kwa tatu, au ukahitaji saba.

Kwa hoja yetu mnyororo ulikwenda hivi. Kwa nini oda iliandikwa baada ya ankara? Kwa sababu mwombaji, ambaye ni fundi, alimpigia msambazaji simu moja kwa moja. Kwa nini alipiga simu badala ya kuomba oda? Kwa sababu idhini huchukua siku tisa na mashine ilikuwa imesimama. Kwa nini siku tisa? Kwa sababu kila oda, ndogo kwa kubwa, inamsubiri meneja mmoja, naye hukaa nazo hadi Alhamisi azipitie pamoja. Kwa nini zote ziende kwake? Kwa sababu jedwali la mamlaka ya kuidhinisha halijaguswa tangu kiwanda kikiwa kidogo. Kwa nini halijaguswa? Kwa sababu sera inasema litapitiwa kila mwaka, ila haisemi nani alipitie.

Kwa upande wa gharama hakuna njia nyepesi kuliko hii. Mkaguzi mmoja na mtu anayeujua mchakato wanaweza kuimaliza kwa nusu siku. Kazi inayochukua muda ni kulithibitisha kila jibu kivyake: siku tisa zisomwe kwenye kumbukumbu za mfumo, kuanzia saa ombi lilipoingizwa hadi saa lilipoidhinishwa, na jedwali la mamlaka lifunguliwe uone tarehe yake. Kiungo kisicho na ushahidi hukata mnyororo hapohapo, hata kama kila aliyekaa mezani anatikisa kichwa kukubali.

Kwa kina, njia hii inashuka vizuri. Ilianza na fundi aliyepiga simu ikaishia kwenye sera isiyo na mwenyewe, na hiyo ni safari ndefu. Kuna jaribio la kurudi juu ambalo ningelifanya kila mara: anza na jibu la mwisho na upande ukisema "kwa hiyo". Sera haikumtaja wa kulipitia jedwali, kwa hiyo jedwali limezeeka, kwa hiyo oda zote zinaenda kwa mtu mmoja, kwa hiyo zinachelewa, kwa hiyo fundi anapiga simu. Ukikuta ngazi inayokulazimisha kuruka, kuna jibu ulilibuni.

Na wapi pa kuacha kuuliza? Acha ukifika kwenye jambo ambalo mtu aliyemo ndani ya taasisi ana mamlaka ya kulibadilisha. Ukipitiliza utafika kwenye uchumi wa dunia au tabia ya binadamu, na hapo hakuna wa kumwandikia pendekezo. Ukiacha mapema utaishia kwa fundi.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba inafuata uzi mmoja tu. Swali la pili lingeweza kujibiwa vingine: alipiga simu kwa sababu anajua idara ya malipo italipa tu. Hilo nalo ni kweli, na lingetupeleka kwenye mlango mwingine kabisa. Wakaguzi wawili wanaweza kuanza na hoja moja wakaishia kwenye vyanzo viwili tofauti, kila mmoja na mnyororo usio na kasoro. Anayejibu ndiye anayeshika usukani. Ukimuuliza fundi, chanzo kitakuwa kwa meneja. Ukimuuliza meneja, chanzo kitakuwa kwa fundi.

Inamfaa mkaguzi aliye peke yake, hoja yenye mchakato mmoja ulionyooka, na tukio lisilo na historia ndefu.

Mfupa wa samaki

Mchoro huu ni wa Kaoru Ishikawa, mtaalamu wa ubora wa Japani. Kichwa cha samaki ni tatizo, na mifupa mikubwa ni makundi ya sababu. Kwa ukaguzi makundi yanayofaa ni watu, utaratibu, mfumo wa kompyuta, taarifa, usimamizi, na vipimo vya utendaji. Hilo la mwisho huwa halipo kwenye michoro ya kawaida. Mimi naliongeza makusudi, kwa sababu watu hufanya kile wanachopimwa nacho.

Gharama yake ni kikao. Unahitaji saa mbili za mwombaji, mnunuzi, mtunza ghala, mtu wa malipo na meneja, wote chumba kimoja, na kuwapata kwa pamoja kunaweza kuchukua wiki mbili. Nimewahi kujaribu kukwepa kikao nikamhoji kila mtu peke yake na kuchora mwenyewe. Nilipata samaki mzuri, lakini hakuna aliyemtambua kuwa ni wake, na kwenye kikao cha kufunga ukaguzi kila mfupa ulipingwa.

Katika hoja yetu kikao kilitoa sababu 17. Nyingi zilikuwa za kawaida: mafunzo hayatoshi, mfumo ni mzito, fomu ni ndefu. Lakini mbili zilikuwa na uzito ambao "kwa nini" tano haikuugusa. Mtu wa malipo alisema taratibu, akiangalia meza: "Ankara ikija na oda iliyoandikwa baada yake, mfumo unakubali. Sijawahi kuambiwa niikatae." Kisha fundi mkuu akaongeza la kwake: "Bwana mkaguzi, mwisho wa mwezi mimi naulizwa mashine zimesimama saa ngapi. Oda hakuna anayeniuliza."

Sentensi mbili hizo ndizo tabia tunayoitafuta. Anayekosea hapati usumbufu wowote, na anayefuata utaratibu anaadhibiwa kwa kipimo chake cha kazi. Ukimtoa fundi huyo ukaweka mwingine mwenye ujuzi uleule, naye atapiga simu. Kubadilisha mtu kichwani namna hii ni jaribio rahisi la kujua kama tatizo ni la mtu au la mazingira aliyowekwa. Kama yeyote angefanya vilevile, kumkumbusha ni kupoteza karatasi.

Kwa hiyo kwa upana na kwa kufikia mazoea, mfupa wa samaki uko mbele. Kwa ushahidi uko nyuma. Kilichoandikwa ubaoni ni madai, na chumba chenye meneja ndani yake hakisemi kila kitu. Ukiona mfupa wa "watu" umejaa na wa "usimamizi" una neno moja, jua bosi alikuwa kikaoni.

Inapoharibikia ni baada ya kikao. Mkaguzi amechoka, ana sababu 17, anaziingiza zote kwenye ripoti na kutoa mapendekezo 17. Menejimenti inatekeleza yale rahisi, kama mafunzo na kufupisha fomu, na kuripoti kwamba asilimia kubwa imetekelezwa. Kile kipimo cha fundi mkuu kinabaki palepale. Kila sababu ya ubaoni inapaswa kupata hukumu ya maandishi: imethibitishwa, imekataliwa, au ni kweli ila haina uzito. Kuthibitisha ile ya mtu wa malipo, kwa mfano, ni kazi ya dakika kumi: omba orodha ya ankara zote zilizokataliwa kwa sababu ya tarehe ya oda katika mwaka mzima. Orodha ikija tupu, umemaliza.

Inamfaa mkaguzi mwenye hoja inayokatiza idara nyingi, na hasa ile iliyojirudia, ambapo unahitaji wahusika wakikiri chanzo kwa vinywa vyao.

Kulinganisha zilizokosewa na zilizo sawa

Njia ya tatu mantiki yake ni ya zamani. John Stuart Mill aliieleza katika karne ya 19, na baadaye Charles Kepner na Benjamin Tregoe waliiingiza kwenye usimamizi kwa swali la "wapi lipo, wapi halipo". Kwenye ukaguzi wa ndani naiona mara chache, jambo linalonishangaza, kwa kuwa sampuli tayari unayo. Umekaa na malipo 14 mabaya ukiyachambua, huku malipo 46 mazuri yakiwa kwenye faili ileile hayaulizwi kitu.

Unachofanya ni kuyapanga yote 60 kwenye lahajedwali na kuongeza safu: idara, karakana, mwombaji, msambazaji, kiasi, aina ya mahitaji, siku za kusubiri idhini, wiki ya mwezi. Kisha unatafuta safu inayoyatenga mabaya na mazuri.

Hapa hoja yetu ilibadilika sura. Malipo 22 yalikuwa ya idara ya ukarabati, na 11 kati ya yale 14 mabaya yalitoka humo. Idara hiyo ina karakana mbili. Ya kwanza ilikuwa na malipo 13: 11 ya dharura, yote mabaya, na mawili yaliyopangwa mapema, yote mazuri. Ya pili ilikuwa na malipo tisa, matano yakiwa ya dharura, na hakuna hata moja baya.

Mfumo ni uleule, meneja wa idhini ni yuleyule na Alhamisi ni ileile. Mtu wa malipo pia ni yuleyule asiyekataa kitu. Ukiona vyaelea, vimeundwa: karakana ya pili ina mkataba wa mwaka na wasambazaji wawili wa vipuri, wenye bei zilizokubaliwa na oda ya jumla iliyoidhinishwa tangu mwanzo wa mwaka. Fundi wake naye anapiga simu, lakini simu yake ina oda nyuma yake. Msimamizi wa karakana hiyo aliwahi kufanya kazi kitengo cha ununuzi na alijua kwamba mkataba wa namna hiyo unaruhusiwa. Mwenzake wa karakana ya kwanza hakujua, na hakuna aliyekuwa na jukumu la kumwambia.

Je, hii inamaanisha ucheleweshaji wa meneja si chanzo? Hapana. Idhini zingetoka siku hiyohiyo, tatizo lingeisha pia. Ila sasa unajua jambo ambalo njia mbili za kwanza hazikukuambia: ndani ya kiwanda hichohicho, na meneja huyohuyo, kuna mahali tatizo halipo. Pendekezo lako halihitaji kubuniwa, kwa kuwa linafanya kazi jengo la pili.

Na yale mabaya matatu yaliyobaki? Yalitoka idara nyingine, kwa mwombaji mmoja na msambazaji mmoja. Hayakuwa ya dharura, na kila moja lilikuwa chini kidogo tu ya kiwango kinachodai nukuu tatu za bei. Hayo si ya kutafutiwa chanzo kwenye mchakato wa idhini. Yanatengwa, yanapelekwa kwa mkuu wa ukaguzi, na pengine kwa wanaochunguza udanganyifu, kabla mtu hajaitwa kuhojiwa. Kwenye "kwa nini" tano yalikuwa yamefichwa ndani ya namba 14. Kwenye mfupa wa samaki huenda mwombaji huyo angekuwa ndani ya chumba akichangia.

Kwa ushahidi njia hii haina mpinzani. Meneja anaweza kubishana na maoni yako, lakini kubishana na karakana yake mwenyewe ni kazi. Gharama ni ya wastani, siku mbili au tatu za mtu anayejua kupanga data, bila kikao. Kina chake hata hivyo kina kikomo. Inakuonyesha tofauti iko wapi, haikuambii ilitokeaje. Lile la msimamizi kuwahi kufanya kazi ununuzi halikutoka kwenye lahajedwali. Ilibidi mtu aende akaulize.

Inaharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni uchache: ukiwa na makosa matatu kati ya 25, karibu safu yoyote itaonekana kuyatenga, na utaapa kwamba chanzo ni siku ya Jumanne. Jaribu tofauti uliyoiona kwenye miamala mipya uliyoichukua nje ya sampuli. Ikisimama, endelea nayo. Ya pili ni pale ambapo kila kitu kimekosewa. Kama malipo yote 60 ni mabaya, hakuna cha kulinganisha, isipokuwa uende kwenye tawi jingine au kwenye mwaka ambao mambo yalikuwa sawa.

Inamfaa mkaguzi mwenye data nyingi, menejimenti inayopenda kubisha, na hoja ambayo makosa yamechanganyika na mazuri.

Uchague ipi, kwa hali yako

Ukiwa na tukio moja tu, kwa mfano malipo yaliyofanyika mara mbili siku moja, chukua "kwa nini" tano. Samaki atakuwa mkubwa kuliko tatizo, na cha kulinganisha hakipo. Hakikisha tu unawauliza watu wawili wanaokaa pande mbili za mchakato, na minyororo yao ikigawanyika, fuata yote miwili.

Kama hoja imejirudia licha ya waraka na mafunzo, nenda kwenye kikao cha mfupa wa samaki, na mfupa wa vipimo vya utendaji usiuache. Ikibidi fanya vikao viwili, kimoja cha wasimamizi na kimoja cha watendaji, kisha weka michoro miwili ubavu kwa ubavu. Pale inapotofautiana ndipo pa kuanzia kuomba nyaraka.

Ukiwa na sampuli ya kuanzia miamala 40 hivi, huku makosa yakiwa kati ya sehemu moja ya kumi na nusu yake, linganisha kwanza kabla hujamhoji mtu yeyote. Utaingia kwenye mahojiano na swali kali kuliko "kwa nini hamfuati utaratibu". Utauliza: "Kwa nini karakana ya kwanza na si ya pili?" Majibu ya swali hilo huwa mafupi na ya kweli zaidi.

Ukiwa na muda wa kuchanganya, mpangilio ninaoupenda ni kulinganisha ili upate mahali, kisha "kwa nini" tano kuanzia pale palipotofautiana. Lakini hoja inayogusa idara nne haitafungwa na lahajedwali. Wenye mchakato wasipokaa pamoja, kila mmoja atakubali chanzo kilichoko kwa jirani yake.

Na kama una siku tatu tu kabla ya ripoti kutoka, usibuni chanzo ili kisanduku kisibaki kitupu. Andika ulichothibitisha, taja kwamba hicho ni chanzo cha karibu tu, na ukubaliane na menejimenti tarehe na mtu wa kukamilisha uchambuzi. Kwa hoja yetu ingesomeka hivi: "Oda za dharura za karakana ya kwanza huandikwa baada ya mzigo kupokelewa, kwa kuwa karakana haina mkataba wa mwaka na idhini ya kawaida huchukua siku tisa. Kwa nini mkataba huo haukuwekwa, meneja wa ukarabati na mkuu wa ununuzi watalibaini kabla ya mwisho wa mwezi ujao."